Akaunti ya marehemu: lipi la kuombwa, na karatasi zipi zitangulie



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba, na kwa ndugu zetu walioko Maskati na Ulaya, sasa kuna hili: mzee amefariki, au mama, au kijana wetu, na akaunti yake ya Facebook bado iko wazi. Siku ya kuzaliwa kwake ikifika watu hukumbushwa wampongeze. Picha zake zinaonekana na kila mtu. Mara nyengine hufika ujumbe kwa jina lake, baada ya kuzikwa, ukiomba "nirushie elfu hamsini nina shida". Familia inauliza: tufanye nini, na tunahitaji karatasi gani?

Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili, nayo yote yana hatari. La kwanza ni "mwambie yeyote aripoti, wataifunga". La pili ni "kuna kijana anajua kuifungua, mpe elfu kadhaa". Katika uchambuzi huu tunaeleza njia yenyewe ilivyo, tukianza na Facebook kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka, kisha Google, ambako mara nyingi ndiko picha na barua za marehemu ziliko. Jambo kubwa tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: utaratibu wa kazi una uzito kuliko kasi. Ombi likishapokewa na kukubaliwa, kuna milango inayofungika na haifunguki tena.

Maombi matatu yasiyofanana

Facebook ina mambo matatu tofauti ambayo jamaa wa marehemu wanaweza kuyaomba, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni kuifanya akaunti iwe ya kumbukumbu. Ikikubaliwa, neno "Remembering" huwekwa juu ya jina la marehemu. Hakuna awezaye kuingia tena, hata mwenye neno la siri sahihi. Akaunti haitokei tena kwenye vikumbusho vya siku ya kuzaliwa wala kwenye orodha ya watu unaopendekezewa kufanya nao urafiki. Lakini alichokiweka mwenyewe kinabaki palepale, na kinaonekana na walewale aliowaruhusu: kama picha iliwekwa ionekane na watu wote, itaendelea kuonekana na watu wote.

La pili ni kuifuta kabisa. Hili ni la jamaa wa karibu au wakili wa mirathi, na karatasi zake ni nzito zaidi. Ikishafutwa, picha, maandishi na salamu zote huondoka.

La tatu ni kupewa kilichomo ndani, hasa ujumbe wa faragha. Facebook haitoi neno la siri la marehemu kwa yeyote, awe mke, mtoto au baba. Ombi la kupewa yaliyomo hufikiriwa kwa nadra, na huambatana na amri ya mahakama. Hata hivyo hakuna ahadi kwamba litakubaliwa.

Kati ya hayo matatu kuna njia ya nne ambayo si ya kuombwa na jamaa, bali hupangwa na mwenye akaunti akiwa hai. Huteua mtu, ambaye kwenye kioo cha simu anaitwa "Legacy contact". Sisi tutamwita msimamizi wa akaunti. Akaunti ikishakuwa ya kumbukumbu, msimamizi huyo anaweza kubadilisha picha ya utambulisho, kuweka tangazo juu ya ukurasa, kujibu maombi ya urafiki, na kuomba akaunti ifutwe. Kama marehemu aliruhusu, anaweza pia kupakua nakala ya aliyoyaweka hadharani au kwa marafiki. Hawezi kuingia kama marehemu, hawezi kusoma ujumbe wake, wala kuondoa marafiki zake.

Kama marehemu hakumteua mtu, hakuna awezaye kuteuliwa baada ya kifo chake. Maana yake akaunti ya kumbukumbu isiyo na msimamizi hubaki ilivyo. Ikiwa picha ya mbele ya mama yetu ni ile ya harusini bila ya mtandio, ndiyo itakayobaki, chini ya neno "Remembering". Familia inayochukia jambo hilo haina njia ya kumbukumbu yenye kuwafaa. Njia yao ni kuomba kufutwa. Hili wajue kabla ya kutuma ombi, wasije wakalijua baadaye.

Kwa nini haraka ya rafiki huleta majuto

Ombi la kumbukumbu linaweza kutumwa na rafiki au jamaa. Haina haja awe mrithi. Ndiyo maana hutokea kwamba rafiki wa skuli aliyeko mbali, kwa huzuni na nia njema, anatuma ombi siku ya pili ya msiba, nyumbani hawana habari.

Madhara yake ni mawili. La kwanza: mwenye akaunti anaweza kuwa alichagua, akiwa hai, kwamba akifa akaunti yake ifutwe. Chaguo hilo lipo kwenye mipangilio, na jamaa wengi hawajui kama marehemu alilibonyeza. Kama alilibonyeza, basi Facebook ikishathibitisha kifo haiweki kumbukumbu; inafuta kila kitu. Picha za watoto ambazo hazikuwa na nakala nyengine zimekwenda.

La pili linawagusa wafanyabiashara. Watu wetu wengi huuza kwa kurasa za Facebook: kanzu, kofia za mkono, udi, viungo, vyumba vya wageni. Ukurasa wa biashara huendeshwa kupitia akaunti ya mtu. Kama marehemu alikuwa peke yake katika kuuendesha, na akaunti yake ikafanywa ya kumbukumbu, ukurasa nao huondolewa. Mauzo ya warithi, orodha ya wateja, picha za bidhaa, vyote vinaweza kupotea kwa ombi moja la rafiki.

Kwa hiyo neno la mwanzo kwa familia ni kuwaomba marafiki, kwa upole, kwenye lile kundi la WhatsApp la msiba: tafadhali msitume ombi lolote juu ya akaunti ya marehemu, tunalishughulikia wenyewe. Ujumbe huo mmoja unatosha kuepusha mengi.

Lakini kuchelewa mno nako kuna hatari yake. Laini ya simu isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni, na namba hupewa mteja mpya. Facebook na WhatsApp hutuma namba za uthibitisho kwa laini. Mwenye laini mpya, au mjanja aliyeinunua kwa makusudi, anaweza kuomba namba hiyo ya uthibitisho na kuingia kwenye akaunti ya marehemu. Hapo ndipo zinapotoka zile salamu za kuomba pesa. Kwa hiyo laini isiachwe ife kabla kazi haijamalizika, na kazi isiachwe miezi.

Karatasi, na wapi zinapatikana

Karatasi ya msingi ni cheti cha kifo. Kwa Zanzibar kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya 2018, kupitia ofisi zake za wilaya. Aliyefia hospitali huwa na taarifa ya hospitali. Aliyefia nyumbani, safari inaanza kwa Sheha wa shehia. Barua ya Sheha au kibali cha mazishi si cheti. Familia nyingi huishia hapo kwa sababu mazishi yameshafanyika, na hugundua upungufu siku wanapotakiwa benki, au siku kama hii.

Kwa ombi la kumbukumbu, fomu ya Facebook huuliza mambo machache: jina la marehemu au anuani ya ukurasa wake, tarehe ya kufariki, uthibitisho wa kifo, na barua pepe ya anayeomba. Uthibitisho unaweza kuwa cheti cha kifo, au tangazo la kifo lililochapishwa.

Kwa ombi la kufuta, cheti cha kifo ndiyo njia fupi zaidi. Asiyekuwa nacho hutakiwa alete karatasi mbili kwa pamoja. Moja ionyeshe mamlaka yake au ukaribu wake: cheti cha kuzaliwa, wasia, uwakala wa kisheria, au barua ya usimamizi wa mirathi. Nyengine ionyeshe kwamba mtu huyo amefariki, kama vile tangazo la kifo. Kwetu sisi, karatasi inayosimama mahali pa barua ya mirathi ni ile inayotoka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au uamuzi wa Mahakama ya Kadhi unaotaja warithi na msimamizi. Kama familia inakwenda huko kwa ajili ya nyumba, shamba au pesa za benki, basi waombe nakala moja ya ziada kwa kazi hii.

Karatasi zinapigwa picha na kutumwa kwa mtandao. Picha iwe ya karatasi nzima, pembe nne zionekane, maandishi yasomeke. Sehemu isiyohitajika, kama namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, inafaa ifunikwe kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha. Visifunikwe vitu vinavyolinganishwa: jina, na tarehe ya kuzaliwa au ya kufariki. Na cheti kisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp kwa kisingizio cha kuomba msaada, kwani ndicho hichohicho tapeli anachokitafuta.

Mjane aliye katika eda hana haja ya kutoka kwa ajili ya ombi lenyewe. Anayefuatilia cheti anaweza kuwa mtoto au ndugu wa marehemu, na fomu ikajazwa nyumbani kwa simu.

Mfano: fundi wa kanzu wa Wete

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe ili njia ionekane kwa ukamilifu. Fundi wa kanzu na kofia wa Wete amefariki usiku, saa tatu, siku ya Alhamisi tarehe 13 Machi 2025. Kwenye Facebook alijiita "Abuu Nasra", kwa jina la binti yake mkubwa. Ana ukurasa wa biashara anaouendesha peke yake, na wateja wengine wako Oman. Hakuna anayejua kama aliteua msimamizi wa akaunti.

Wiki ya kwanza familia haitumi ombi lolote. Kijana mmoja anapewa kazi ya kuhifadhi kinachoonekana kwa nje, akitumia akaunti yake mwenyewe, bila ya kuingia ya baba: picha za bidhaa, picha za familia, majina na namba za wateja waliocharaza chini ya matangazo. Anaweka nakala kwenye kompyuta na kwenye simu nyengine. Simu ya marehemu haifutwi na laini yake inawekwa salio ili isife. Kisha anafunguliwa ukurasa mpya wa biashara wenye waendeshaji wawili, na wateja wanajulishwa kwamba fundi ametangulia mbele ya haki, na kazi inaendelea na wanawe, au imesita. Huyu aliyelipa kanzu na hajapokea ataarifiwe mapema, maana hilo ni deni la marehemu na linatangulia mgao wa mirathi.

Wiki ya pili cheti cha kifo kinatoka. Hapa ndipo penye mitego miwili ambayo kwetu ni ya kawaida.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Nyumbani kila mtu anasema mzee amefariki "usiku wa Ijumaa", kwa sababu kwetu siku huanza magharibi inapoingia. Mtoto aliyejaza fomu kwa haraka ameandika Ijumaa, tarehe 14. Cheti kinasema tarehe 13. Kwa anayelinganisha karatasi na fomu, hizi ni tarehe mbili zisizokubaliana. Andikeni tarehe iliyoko kwenye cheti, si iliyoko midomoni. Na muangalie mpangilio wa fomu, maana baadhi yake huweka mwezi kabla ya siku.

Mtego wa pili ni jina. Cheti kina jina lake, la baba yake na la babu yake. Akaunti inasema "Abuu Nasra". Facebook hulinganisha jina la karatasi na la akaunti, na hapa hakuna hata neno moja linalofanana. Ombi kama hili ndilo hujibiwa kwa barua pepe ya kutaka maelezo zaidi, au hukataliwa. La kufanya ni kuweka anuani kamili ya ukurasa wa marehemu badala ya kuandika jina tu, kwa sababu "Abuu Nasra" wako wengi. Tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye akaunti, kama inaonekana, ilinganishwe na ya kwenye karatasi. Tena familia iandae hati ya kiapo, kama zile zinazoapwa watu wanapotofautiana majina baina ya cheti cha skuli na kitambulisho, ikieleza kwamba mwenye jina hili na anayejiita Abuu Nasra ni mtu mmoja. Kiapo hicho hakilazimishi kampuni kukubali, lakini kinajibu swali wanalouliza.

Warithi wanakaa na kukubaliana. Picha za mzee ni za heshima, maandishi yake ni salamu na mawaidha mafupi, hakuna cha kuficha. Wanachagua kumbukumbu. Kama wangechagua kufuta, wangejaza fomu ile nyengine na kueleza uhusiano wao naye. Ombi linatumwa na mtu mmoja tu, kwa barua pepe anayoifungua kila siku. Hili lina maana yake: maswali ya kampuni hurudi kwenye barua pepe hiyo, na hujibiwa humohumo. Ndugu watatu wakituma maombi matatu, mmoja akiomba kumbukumbu na mwengine kufutwa, wamejivuruga wenyewe.

Watajuaje kama limekubaliwa? Jina la baba yao litakuwa na neno "Remembering" juu yake. Kama halipo, kazi haijamalizika, hata kama mtu amewaambia "nimeshawaripotia". Na kama kwa makosa akaunti ya mtu aliye hai imefanywa ya kumbukumbu, mwenyewe anaweza kuwaandikia Facebook kwa fomu iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Google: saa inayotembea kimya

Picha za simu nyingi za Android huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google, pamoja na barua za Gmail. Hapa tatizo halionekani kwa macho. Tangu Disemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazikutumiwa kwa miaka 2. Familia inayosema "tuiache tu, picha zipo" inahesabiwa siku bila ya kujua. Akaunti zenye video za YouTube zimeachwa nje ya ufutaji huo, lakini si kila marehemu alikuwa na video.

Jamaa wanaweza kuomba Google mambo matatu: kufunga akaunti, kupata pesa zilizomo, au kupata yaliyohifadhiwa. Fomu inataka jina kamili la marehemu na anuani yake ya Gmail, jina na mahali anapoishi anayeomba, picha ya kitambulisho chake cha serikali, na cheti cha kifo. Karatasi ambayo haiko kwa Kiingereza huambatana na tafsiri iliyothibitishwa. Kwa hiyo uamuzi wa Kadhi ulioandikwa kwa Kiswahili upelekwe kwa mfasiri anayetambulika, atie saini na muhuri.

Kufunga ni jambo linalowezekana kwa karatasi hizo. Kupata yaliyomo ni jambo jengine. Hata ombi likipita hatua ya kwanza, Google inaweza kutaka amri ya mahakama ya Marekani. Kwa familia ya kawaida ya Makunduchi au Chake Chake, huo ni mlango uliofungwa, kwa gharama na kwa masafa. Tunasema hivi waziwazi ili mtu asiuze mbuzi kumlipa anayemuahidi kwamba atapata barua za marehemu kwa wiki moja. Anayeahidi hivyo ni ama muongo, ama anataka kuingia kwa wizi.

Kwa upande wa WhatsApp, hakuna kumbukumbu wala fomu ya urithi. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Mazungumzo yaliyomo ndani ya simu hubaki ndani ya simu mpaka yafutwe. Ndiyo maana tumesema simu isifutwe na kupewa mtoto kabla warithi hawajamaliza mambo yao.

Deni lililoandikwa kwenye ujumbe

Swali linalofuata mara nyingi ni la deni. Baba aliandikiana na mtu kwa Messenger kuhusu milioni 2, na sasa mtu huyo anasema hadai wala hadaiwi. Familia inataka ujumbe ufunguliwe.

Kabla ya kukimbilia amri ya mahakama ya ng'ambo, ikumbukwe kwamba kila mazungumzo yana nakala mbili. Nakala ya marehemu imefungwa. Ya mwenzake iko wazi mkononi mwake. Mwenye kudai aoneshe mazungumzo kwenye simu yake mwenyewe, mbele ya warithi au mbele ya Kadhi, si picha aliyoikata na kuituma. Na anayedaiwa aombwe vivyo hivyo. Waliosikia, muamala wa simu, risiti ya duka, vyote hivi ni ushahidi ulio karibu zaidi kuliko kampuni iliyoko California.

Hapa pia inafaa kutenganisha vitu viwili. Mali iliyomo ndani ya akaunti, kama mapato ya video au ya ukurasa, ni tarika: inalipa madeni, inatoa wasia, kisha inagawiwa kwa warithi wote, wala si ya yule mwenye kujua neno la siri. Lakini siri za marehemu si mali. Kusoma mazungumzo yake na watu kwa udadisi ni upelelezi ambao dini imetukataza kwa walio hai, na maiti hana wa kumtetea. Mwenye kutafuta deni atafute deni, aachie hapo.

La kufanya tukiwa hai

Yote tuliyoyaeleza yanapungua nusu kama mwenye akaunti atatumia dakika kumi leo. Kwenye Facebook ingia "Settings", kisha "Accounts Center", "Personal details", "Account ownership and control", halafu "Memorialization". Hapo utachagua msimamizi, au kwamba akaunti ifutwe. Msimamizi awe na miaka 18 au zaidi. Kwenye Google tafuta "Inactive Account Manager": unaweka muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na watu usiozidi 10. Muda huo ukipita bila ya wewe kuitumia akaunti, watu hao wataarifiwa na watapata kupakua kile ulichowaruhusu, bila ya mahakama ya Marekani. Mwenye ukurasa wa biashara amuongeze mwendeshaji wa pili. Na mwenye kujiita kwa kunia afikirie kuandika pia jina lililoko kwenye kitambulisho chake.

Baadhi ya wasomaji wameuliza kama inafaa kumteua mtoto mmoja, hali ya kuwa hakuna wasia kwa mrithi. Jibu ni kwamba wasia uliokatazwa ni wa kumpa mrithi mali zaidi ya fungu lake. Kumteua kusimamia akaunti ni kumpa kazi na amana. Hapati kwa hilo umiliki wa ukurasa wala mapato yake. Inafaa hilo liandikwe pamoja na wasia wa madeni na amana, kwa maneno mafupi: akaunti zangu ni hizi, msimamizi ni fulani, ifanywe kumbukumbu au ifutwe. Neno la siri lisiandikwe humo, kwa sababu karatasi ya wasia husomwa na watu wengi.

Mwenye msiba sasa hivi, na hajui aanzie wapi, aanze na cheti cha kifo. Akishakipata, na warithi wamekubaliana, na picha zimehifadhiwa, mengine yote ni fomu.

Wallahu a'lam.